Vikombe Vinane na Siku ya Tatu: Barua ya Binti Aliye Ughaibuni kwa Mtunzaji wa Mama Yake

Barua ya maelekezo kuhusu choo na maji ni karatasi ambayo binti anayeishi mbali humwandikia mtu anayemlipa ili amtunze mama yake nyumbani. Kazi ya barua hiyo ni kumwezesha mtunzaji kujua, hata simu isipopatikana, mama anywe nini na saa ngapi, aketi chooni wakati gani, siku ya ngapi bila choo ndiyo ya kutoa dawa, na dalili zipi ni za kukimbilia hospitali. Maelekezo ya mdomo hayafanyi kazi hiyo. Mtu akiambiwa "mpe mama maji ya kutosha", atapima kutosha huko kwa jicho lake mwenyewe. Akiulizwa kwenye simu kama mama amepata choo, na yeye hakumbuki vizuri, ni rahisi kujibu kwamba amepata. Ndiyo maana barua nzuri huandikwa kwa vipimo, saa na hesabu ya siku.

Mfano unaofuatwa hapa umetungwa kutokana na hali za kawaida. Mama ana miaka 78 na anaishi Tanga mjini. Ana presha, magoti yanamuuma, na hutembea kwa fimbo. Binti yake anafanya kazi Birmingham, Uingereza. Dada anayemtunza mama analala palepale nyumbani, anajua kusoma na kuandika, na hajasomea uuguzi. Daktari wa kliniki amempima mama na kuona moyo na figo ziko sawa. Amemwandikia tramadoli kwa ajili ya magoti, dawa ya maji ya kulainisha choo iitwayo laktulosi, na vidonge vya bisakodili vya kutumiwa choo kikichelewa.

Kwa nini choo hufunga uzeeni

Chakula kikishasagwa, mabaki yake huingia utumbo mpana yakiwa majimaji. Kazi ya utumbo huo ni kunyonya maji na kuyarudisha mwilini. Mabaki yakipita kwa mwendo wa kawaida, choo hutoka laini. Yakikawia, utumbo huendelea kunyonya, na kadiri siku zinavyopita choo hukauka na kuwa kigumu. Mtu akikosa maji mwilini, utumbo hunyonya zaidi ili kufidia.

Kwa mama huyu sababu ziko nne, na binti anazitaja zote mwanzoni mwa barua ili dada aelewe maelekezo yametoka wapi. Ya kwanza ni kiu. Umri ukisogea, hisia ya kiu hupungua, kwa hiyo mama anaweza kupungukiwa maji na bado akasema hana hamu ya kunywa. Ya pili ni magoti. Mama anaogopa kuamka usiku kwenda haja ndogo asije akaanguka, na dawa aliyojitafutia ni kutokunywa. Ya tatu ni kukaa muda mrefu, maana mwili usiotembea huwa na utumbo mzito. Ya nne ni tramadoli. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na kodeini, hupunguza mwendo wa utumbo, na mwili hauzoei athari hiyo hata dawa ikitumika kwa miezi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo hufunga choo, na hukigeuza rangi kikawa cheusi. Mtunzaji hana ruhusa ya kukatisha dawa yoyote kati ya hizi. Wajibu wake ni kutoa taarifa kila dawa mpya inapoingia nyumbani.

Barua pia huondoa dhana moja inayoleta madhara, kwamba kila mtu lazima apate choo kila siku. Wapo wanaopata mara mbili kwa siku na wapo wanaopata kila baada ya siku mbili, na wote ni wazima. Choo huhesabiwa kuwa kimefunga kinapopatikana chini ya mara tatu kwa wiki, au kinapokuwa kigumu, kinatoka kwa kukamua, au kinamwachia mtu hisia kwamba hakijaisha. Asiyejua hilo humpa mama dawa ya kuharisha kila asubuhi isiyo na choo, na mama huishia kuishiwa nguvu na kupoteza maji.

Maji yapimwe kwa kikombe chake mwenyewe

Kabla ya kuandika idadi ya vikombe, binti hana budi kupata neno la daktari. Miongozo ya lishe ya Ulaya inapendekeza mwanamke mzee apate angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku, na daktari wa mama huyu amekubaliana na kiasi hicho. Lakini kwa mzee ambaye moyo wake umechoka au figo zake zina hitilafu, kiasi hicho kinaweza kudhuru. Maji ya ziada humjaa miguuni na kwenye mapafu. Barua ya mzee wa namna hiyo huandikwa kinyume: badala ya kiwango cha chini cha kufikiwa, huwekwa kiwango cha juu kisichovukwa, na daktari ndiye anayekitaja. Mtunzaji huelezwa dalili za kuzidisha, nazo ni miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla kwa siku chache, na pumzi kubana mzee anapolala chali.

Hatua inayofuata ni kukijua kikombe. Vikombe vya nyumbani havilingani, na mama ana kikombe chake cha bati asichokubali kukibadilisha. Barua inamwambia dada achukue chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, akijaze kikombe hicho kwa maji ya chupa, akimwage kwenye jagi, kisha akijaze tena. Kikijaa mara mbili na chupani kukabaki kidogo, kama robo ya maji yaliyokuwa ndani ya vikombe viwili, kikombe hicho ni cha mililita 200 hivi. Vikombe vinane vya kiasi hicho vinafanya mililita 1,600, yaani lita 1.6. Hesabu hufanywa mara moja, na kuanzia hapo dada anahesabu vikombe tu.

Ratiba ya barua inasomeka hivi:

"Dada, mama akiamka saa 12 na nusu, mpe kikombe cha maji ya uvuguvugu kabla hajainuka kitandani. Saa 1 na nusu, chai au uji pamoja na kifungua kinywa. Saa 4, maji au juisi ya machungwa. Saa 6, maji. Saa 7 na nusu, maji na chakula cha mchana. Saa 10, chai. Saa 11 na nusu, maji. Saa 1 usiku, kikombe cha mwisho na chakula cha jioni. Baada ya saa 2 usiku, ni mafunda ya kumezea dawa tu, ili asiamke usiku. Akikataa kikombe, usibishane naye. Kiweke karibu yake, umpe mafunda machache kila unapopita."

Mpangilio huo una sababu. Sehemu kubwa ya maji imewekwa kabla ya alasiri ili mkojo utoke mchana, wakati dada yuko macho na njia ya chooni inaonekana. Mama akishaona haamki usiku zaidi ya alivyozoea, hoja yake ya kukataa maji inapungua nguvu. Chai, uji mwepesi, juisi, maziwa na mchuzi vyote vinahesabiwa. Si lazima kiwe kikombe cha maji matupu, na mama anayependa chai asinyimwe. Madafu yanafaa pia kwa mama huyu, lakini yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo asipewe mpaka daktari aulizwe.

Kinachoandikwa ni kile mama alichokunywa, wala si alichomiminiwa. Kikombe kikirudi nusu, huandikwa nusu. Dalili za kupungukiwa ni mkojo mchache na wa rangi nzito kuliko siku zote, mdomo mkavu, kizunguzungu anaposimama, na kuchanganyikiwa kusiko kwa kawaida yake. Rangi ya mkojo pekee haitoshi kwa mzee, kwa sababu dawa na vyakula huibadilisha. Hesabu ya vikombe ndiyo ya kutegemea.

Kwa nyumba za Waislamu, mwezi wa Ramadhani unahitaji barua yake. Vikombe vyote vinane vikihamia usiku, safari za chooni gizani zinaongezeka, na saa za dawa zinabadilika. Binti humwuliza daktari kabla ya Shaabani kwisha. Daktari akisema mama asifunge, dini imewapa nafasi wazee na wagonjwa wasioweza kufunga kulisha maskini badala yake, na mara nyingi ni shehe au kaka mkubwa, si mtunzaji, anayefaa kumweleza mama jambo hilo.

Chakula na kiti

Kuhusu chakula barua inasema machache, kwa sababu dada anajua kupika. Mama apate tunda kila siku, na papai bivu ni la kwanza. Machungwa na maembe yaliwe na nyama zake zenye nyuzi, si juisi peke yake. Maharage, kunde au choroko angalau mara moja kwa siku, na mboga za majani kama mchicha au matembele mchana na jioni. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, maana kwenye sembe pumba zenye nyuzi zimeondolewa. Nyuzi hizi huongezwa polepole katika wiki mbili tatu, kwani zikija kwa wingi ghafla tumbo hujaa gesi. Na zikiongezwa bila maji, choo huwa kizito zaidi. Kwa hiyo siku ambayo vikombe havikufika sita, dada haongezi maharage.

Wakati wa kuketi chooni una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chakula kinapoingia tumboni, hasa cha asubuhi, utumbo mpana huamka na kusukuma. Msukumo huo huja ndani ya nusu saa hivi baada ya kula. Mama akiachwa ameketi sebuleni wakati huo, msukumo hupita na choo hubaki kikikauka. Kwa hiyo barua inaagiza kwamba dakika 20 baada ya kumaliza kifungua kinywa, kila siku, mama apelekwe chooni, awe anasikia haja au hasikii.

Magoti ya mama hayachuchumai tena, kwa hiyo anatumia choo cha kukaa. Lakini kukaa wima na miguu ikining'inia hakumsaidii, kwa sababu mkao huo huiacha njia ya haja kubwa ikiwa imepinda. Dada anaweka kigoda kifupi chini ya nyayo, magoti yapande juu kidogo ya nyonga, na mama anainama mbele akiegemeza viwiko mapajani. Mkao huo unakaribia kuchuchumaa na huinyoosha njia. Kigoda kiwe kizito na kisichoteleza, na kiondolewe kabla mama hajasimama, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mama akae hadi dakika kumi. Hakisi wala hakamui, kwa sababu kukamua huleta bawasiri na kunaweza kumfanya azimie. Kisipotoka, anainuka bila lawama, anajaribu tena baada ya chakula cha mchana.

Daftari

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kila siku ina mstari mmoja wenye sehemu tano: tarehe, vikombe, choo, dawa, na maelezo. Kwenye choo dada anaandika saa, kiasi (kidogo, cha kawaida, kingi) na namba ya umbo. Namba hizo zinatokana na chati ya Bristol, iliyochapishwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1997, ambayo hupanga choo kwa umbo kuanzia 1 hadi 7. Namba 1 ni gololi ngumu zilizotengana. Namba 2 ni kipande kirefu chenye mabonge. Namba 3 ni kirefu chenye nyufa juu. Namba 4 ni kirefu, laini na kisicho na nyufa. Namba 5 ni vipande laini vyenye kingo safi. Namba 6 ni rojo. Namba 7 ni maji matupu. Lengo la mama ni 3 na 4. Namba 1 na 2 zinaonyesha choo kimekaa tumboni muda mrefu, na 6 na 7 zinaonyesha kinapita haraka, isipokuwa katika hali moja itakayoelezwa mbele.

Faida ya namba ni kwamba zinamwondolea dada aibu ya kueleza na zinampa binti picha kamili kwa herufi chache. Ujumbe wa simu wa jioni unakuwa mfupi: "Vikombe 7, choo saa 2 asubuhi, namba 3, cha kawaida." Picha ya choo haitumwi, wala picha ya mama akiwa chooni haipigwi kwa sababu yoyote.

Hesabu ya siku na ngazi ya dawa

Kiini cha barua ni hesabu ya siku, na hapo ndipo maelekezo mengi hukosewa. Binti anaieleza hivi: siku ambayo choo kilipatikana haihesabiwi. Kikipatikana Jumatatu, Jumanne bila choo ni siku ya kwanza, Jumatano ya pili, Alhamisi ya tatu. Kisha anaongeza sharti moja: gololi mbili tatu hazifuti hesabu. Mzee anaweza kutoa vijidonge vidogo kila siku huku mzigo ukibaki ndani, na anayeandika "amepata choo" bila kuandika kiasi hupoteza wiki nzima bila kujua.

Laktulosi ni ya kila siku, mililita 15 asubuhi na mililita 15 jioni, kwa kipimo kinachokuja na chupa na si kwa kijiko cha chai. Dawa hii huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo ili choo kilainike, kwa hiyo bila vikombe vinane haina cha kuvuta. Huchukua siku mbili au tatu kuanza kufanya kazi. Mtunzaji asiyeambiwa hilo huona kesho yake hakuna kitu, akaongeza dozi, na siku ya tatu mama akaharisha. Siku za mwanzo tumbo linaweza kujaa gesi, na hali hiyo hupungua.

Siku ya kwanza bila choo, dada hafanyi kitu zaidi ya ratiba. Siku ya pili, anakagua mstari wa jana: vikombe vilifika vinane? mama alitembea? alikwenda chooni baada ya chai? Anaziba pengo atakaloliona, na anaongeza papai na mzunguko mmoja wa kutembea uani. Siku ya tatu ikifika jioni bila choo, saa 3 usiku anampa bisakodili kidonge kimoja cha miligramu 5. Dawa hii huamsha misuli ya utumbo na hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo ikitolewa usiku choo huja asubuhi, wakati wa ratiba ya kuketi. Kidonge humezwa kizima bila kusagwa wala kutafunwa, na hakimezwi kwa maziwa, chai ya maziwa au dawa ya kiungulia. Kimefunikwa kwa ganda linalopaswa kuyeyuka likishafika utumboni. Maziwa na dawa za kiungulia hulifanya liyeyuke tumboni, na mama akapata msokoto na kichefuchefu. Kati ya maziwa na kidonge ipite angalau saa nzima.

Asubuhi ya siku ya nne, kama hakuna choo hadi saa 6 mchana, dada hatoi kidonge cha pili. Anampigia binti na anampeleka mama kituo cha afya siku hiyohiyo.

Barua inataja pia vitu ambavyo havitolewi kabisa, kwa majina yake ya sokoni, kwa sababu majirani watavipendekeza kwa nia njema. Sanamaki ni dawa halisi na huamsha utumbo kama bisakodili, kwa hiyo kuichanganya nayo ni kutoa dozi mbili bila kupima. Chumvi ya haluli ina magnesiamu, ambayo hujikusanya mwilini pale figo za mzee zinapokuwa dhaifu, na huvuta maji mengi kwa ghafla. Mafuta ya nyonyo huleta msokoto mkali. Maji ya sabuni hayapulizwi njia ya haja kubwa, kwani huchoma utando wa ndani. Na dada hatumii kidole kutoa choo, hata mama akiomba. Kazi hiyo ni ya muuguzi au daktari.

Wiki moja katika daftari

Wiki moja ya daftari la mama huyu inaonyesha jinsi ngazi hiyo inavyotumika. Jumatatu ina vikombe 8 na choo namba 4, cha kawaida. Jumanne ina vikombe 8, hakuna choo. Jumatano kulikuwa na harusi ya jirani. Vikombe ni 4 na nusu, na kwenye choo kumeandikwa "namba 1, kidogo sana, saa 3 usiku". Alhamisi ina vikombe 6, hakuna choo, na maelezo: "Mama anasema tumbo zito, amekula kidogo." Saa 3 usiku dada alimpa bisakodili moja. Hakuirudisha hesabu nyuma kwa sababu ya gololi za Jumatano, na hapo alifanya sawasawa na barua. Ijumaa saa 2 na nusu asubuhi choo kilitoka, mwanzo namba 2 na mwisho namba 4, kingi. Jumamosi na Jumapili vikombe vilirudi 8.

Binti aliposoma wiki hiyo hakuishia kufurahi kwamba dawa imefanya kazi. Aliuliza Jumatano ilikuwaje. Mama hakunywa chochote tangu saa 4 asubuhi kwa kuwa hakutaka kuomba choo nyumbani kwa watu. Kisha kwenye sehemu ya dawa aliona kwamba tramadoli, ambayo huwa ya jioni tu, Jumatano na Alhamisi ilitolewa asubuhi na jioni, maana magoti yaliuma baada ya kukaa mkekani. Chanzo kilikuwa viwili kwa pamoja: maji nusu na dawa ya maumivu maradufu. Barua ikaongezwa mistari miwili. Siku ya shughuli mama anywe vikombe vitatu kabla ya kutoka, aende haja akiwa nyumbani, apate vingine viwili akirudi, na dada amwombe mwenye shughuli kiti badala ya mkeka. Na tramadoli haiongezwi mpaka daktari aulizwe. Kwa njia hiyo daftari huirekebisha barua, na kosa la wiki moja halirudi wiki ya pili.

Choo cha maji kinachodanganya

Hali inayowapoteza hata waangalifu ni hii. Mama hajapata choo cha kueleweka kwa siku tano au sita, kisha nguo zake zinaanza kuchafuka kwa majimaji kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, bila yeye kujua. Dada anaona anaharisha, anaacha laktulosi, na dukani anauziwa dawa ya kuzuia kuharisha. Kumbe bonge gumu la choo limeziba njia, na majimaji yaliyo nyuma yake yanapenya pembeni. Dawa ya kuzuia kuharisha huusimamisha utumbo uliokwisha kukwama.

Daftari ndilo linalotofautisha. Kuharisha kwa kweli hutokea kwa mtu aliyekuwa akipata choo, na mara nyingi huwa kwingi. Majimaji ya kuvuja huja baada ya siku nyingi tupu au za gololi, huwa kidogo, na mama haisikii haja. Wakati mwingine tumbo hujaa, mkojo hukataa kutoka au hutoka kwa matone, na mama huanza kuchanganyikiwa. Maelekezo ya barua ni kutompa dawa yoyote ya kuharisha, na kumpeleka hospitali ili daktari ampime kwa kidole na kuliondoa bonge kwa njia salama. Mama akiwa anaharisha kweli, yaani namba 7 mara mbili au zaidi baada ya siku za kawaida, laktulosi na bisakodili husimamishwa, maji huongezwa, na binti hujulishwa siku hiyohiyo.

Dalili zisizosubiri siku ya tatu

Dalili hizi zimeandikwa kwenye ukurasa wa peke yake, kwa herufi kubwa: tumbo lililovimba na kukaza, hasa kama hata hewa haitoki, kutapika, maumivu makali, damu kwenye choo, choo cheusi kama lami chenye harufu kali, homa, kushindwa kukojoa, na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Yoyote ikitokea, dada hatoi dawa ya choo na hasubiri binti apokee simu. Chini ya orodha kuna jina la hospitali, namba ya dereva anayeaminika, namba ya ndugu aliye karibu, na mahali fedha za dharura zilipowekwa. Bila sehemu hii ya mwisho orodha haina nguvu, kwa sababu mtunzaji asiye na nauli wala ruhusa hulazimika kungoja. Kukonda bila sababu, au mwendo wa choo kubadilika kwa wiki kadhaa hata ratiba ikifuatwa, si dharura, lakini ni jambo la kumfikishia daktari bila kuchelewa.

Sitara ya mama na nafasi ya mtunzaji

Mama ndiye mwenye mwili, kwa hiyo barua husomwa mbele yake kabla ya kuanza kutumika. Akisema hataki papai asubuhi, au anataka mlango wa choo ufungwe, barua hubadilishwa. Mlango hufungwa bila komeo, dada husimama nje akisikia, na maji ya kutawadhia huwekwa yakiwa na uvuguvugu. Mbele ya wageni dada hamwulizi mama kama ameenda haja kubwa. Wamekubaliana maneno yao, "Mama, umemwagilia maua?", na mama hujibu ndiyo au bado. Kwa sababu hiyo barua na daftari hukaa kwenye sanduku la dawa chumbani, si kwenye friji ambapo kila mpita jikoni atazisoma.

Barua humwekea mtunzaji mipaka, na mipaka hiyo humlinda yeye pia. Imeandikwa wazi kwamba akifuata ngazi ya siku na mama asipate choo, halaumiwi. Kosa ni kuandika kikombe kisichonywewa au choo kisichotoka. Imeandikwa pia nani anashika zamu siku yake ya mapumziko, na kwamba mtu huyo huoneshwa daftari kabla dada hajaondoka, kwani siku ya pili bila choo inaweza kuangukia zamu yake. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna tarehe na jina la daktari aliyeidhinisha dozi. Kila dawa inapobadilika barua huandikwa upya kwa tarehe mpya, na ya zamani huchanwa, ili nyumba isiwe na karatasi mbili zenye dozi tofauti.